Jinsi ya kumfundisha babu kusoma mapigo ya moyo kwenye saa yake mpya (hatua kwa hatua)

Tangu ndugu waanze kuwanunulia wazee hizi saa janja, maswali ninayopata ni yale yale. "Saa ya mama inaandika 96, ndo presha?" "Ya mzee inaonyesha 07:15, anasema moyo unapiga saba." "Mbona inapima hata nikiiweka mezani?" Mi nasoma unesi, kwa hiyo ukoo mzima unaniona kama zahanati inayotembea, na likizo hii nilivyorudi kijijini Chamwino nikamkuta babu kavaa saa mpya ambayo anko kamletea toka Dar, anaitazama tazama afu anaishusha. Nikakaa naye tukaisoma mpaka akaweza mwenyewe. Naandika hapa vile tulivyofanya, na wewe ukafanye na mzee wako.

Kwanza ujue utamfundisha nini, manake wengi wanakosea hapa. Humfundishi saa. Unamfundisha mapigo yake, yaani moyo wake unapiga mara ngapi kwa dakika akiwa ametulia, na saa ni ya kumrahisishia kuhesabu tu. Mzee akijua saa bila kujua mapigo, siku saa ikidanganya ataamini.

Vitu vya kuwa navyo

- Saa yenyewe, imejaa chaji. Kama kwenu mnatumia sola ichaji mchana, usiku betri ya sola ikishuka unakuta saa haijaingiza kitu.
- Simu yako au saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde.
- Kiti chenye egemeo. Kigoda hakifai, mzee anakunja mgongo na kujikaza.
- Daftari dogo na kalamu.
- Miwani ya mzee ya kusomea kama anayo. Tulipoteza muda mrefu tukidhani babu haelewi kumbe haoni.
- Kitambaa cha pamba na maji kidogo.

Usianze mara tu mzee ametoka shambani, au kamaliza chai, kahawa au ugoro. Subiri kama nusu saa. Na kama kabanwa haja ndogo mwache aende kwanza.

Hatua ya 1: Punguza namba kwenye kioo

Hii ndo hatua inayorukwa na ndo chanzo cha maswali karibu yote. Hebu washa hiyo saa uitazame kwa macho ya mzee. Saa ya babu ilikuwa na saa 16:42, tarehe, hatua 3,118, chaji 64, joto, na kule chini kabisa kwa herufi za sisimizi ndo kuna 78. Namba sita kwenye kioo kidogo namna hiyo! Nikamuuliza babu moyo uko wapi hapo, akaonyesha 64, kwa sababu ndo ilikuwa na rangi.

Halafu kuna hili la saa kuandika 16:42. Babu maisha yake yote hiyo ni saa kumi na dakika arobaini na mbili, na akiona 16 hailingani na kitu chochote anachokijua, kwa hiyo anadhani ni kipimo.

Suluhisho ni kubadilisha sura ya saa. Kwenye saa nyingi unabonyeza kioo na kushikilia kama sekunde mbili, zinatokea sura za aina aina, unatelezesha kidole mpaka upate yenye mishale kama saa za zamani. Babu mishale anaisoma bila shida. Chagua ambayo kwenye kioo namba pekee inayoandikwa kwa tarakimu ni ya mapigo, yenye alama ya moyo pembeni au herufi BPM. Ukikosa sura ya hivyo, tafuta ukurasa wa mapigo kwa kutelezesha, uhesabu ni mara ngapi unatelezesha na kwa upande gani, umfundishe hiyo njia moja tu. Ya babu ilikuwa kutelezesha mara mbili kwenda kushoto. Mengine yote mwambie ayaache.

Hatua ya 2: Ivae panapotakiwa

Wazee wamezoea saa ilegee. Babu alivaa ya kwake ikawa inacheza kama bangili, ikiteremka mpaka kwenye kiganja akishusha mkono. Hapo haiwezi kusoma.

Geuza saa uangalie mgongoni, utaona vitaa vinawaka kijani. Kazi yake ni fupi kueleza: ule mwanga unaingia kwenye ngozi, damu inaunyonya, moyo ukipiga damu inajaa pale na mwanga unaorudi unapungua, kati ya pigo na pigo unaongezeka tena. Saa inahesabu huko kupungua na kuongezeka. Kwa hiyo mwanga wa nje ukipenya chini ya saa, au saa ikisogea sogea, hesabu inavurugika. Hiyo nadharia inatosha.

Futa mkono kwa kitambaa chenye maji, ukaushe, futa na vioo vya mgongoni mwa saa (vumbi la Dodoma na jasho linajenga utando pale mpaka unaweza kuukwangua na kucha). Vaa saa juu kidogo ya kile kimfupa kinachotokeza kwenye kifundo cha mkono, upana wa kidole kimoja kuelekea kwenye kiwiko. Kaza mkanda mpaka saa isiteleze ukitikisa mkono, ila kidole kidogo bado kipite kwa shida chini ya mkanda. Ikiacha alama nzito mkononi umekaza sana, na ukikaza sana unaibana damu ambayo ndo inatafutwa.

Hatua ya 3: Mkalishe, na nyamazeni

Dakika tano. Mgongo umeegemea, miguu miwili chini bila kupishana, mkono wenye saa umelala pajani au mezani. Kusiwe na stori. Hii kwa babu ilikuwa kazi kuliko zote, kila mtu anayepita njiani lazima amsalimie na asikie habari za nyumbani kwake, na kuongea peke yake kunapandisha mapigo.

Nilimpima makusudi alipotoka kupura mtama ili aone mwenyewe. Alivyokaa tu saa ilisoma 104. Nikamwambia usiandike. Baada ya dakika mbili 88. Ilipofika dakika ya tano ikawa inacheza 74, 75, 74. Nikamuuliza, "Babu, sasa ipi ya kwako?" Akafikiri. "Ya kwangu ni hii ya mwisho. Ile ya kwanza ni ya mtama."

Saa pia haiandiki pigo la sasa hivi, inachukua wastani wa sekunde kadhaa zilizopita, ndo maana namba inachelewa kufuata. Mwambie mzee asiisome mara inapowaka, asubiri itulie.

Hatua ya 4: Mfundishe kupima kwa vidole

Usiruke hapa hata kama mzee anasema saa inatosha.

Aweke kiganja cha kulia kikitazama juu. Vidole viwili vya kushoto, cha shahada na cha kati, aviweke kwenye kifundo upande wa dole gumba, kwenye kibonde kati ya mfupa na ile mishipa migumu inayotokeza mtu akikunja ngumi. Abonyeze taratibu mpaka kitu kinamgonga.

Makosa ya hapa ni mawili. La kwanza ni kutumia dole gumba. Dole gumba lina mapigo yake yenye nguvu, utahesabu ya kidole ukidhani ya mkono. La pili ni kubonyeza sana. Babu ana sugu za jembe, hasikii kitu, basi akawa anazidi kukandamiza, na kadiri anavyokandamiza ndo anaufunga mshipa wenyewe. Nikamwambia abonyeze mpaka mwisho, afu alegeze polepole sana. Kuna mahali akilegeza mapigo yanarudi yenyewe, abaki hapo hapo. Sugu ikigoma kabisa atumie kidole cha pete, mara nyingi ngozi yake ni laini zaidi.

Alipoyapata alinyamaza kidogo afu akasema "huyu hapa", kama vile kakamata mtu.

Wewe shika simu, sema "anza", na sekunde thelathini zikiisha sema "acha". Yeye ahesabu kwa sauti. Babu alihesabu kwa Kigogo kwa sababu Kiswahili kilikuwa kinamchelewesha, na mi sikumkataza. Alipata 36. Mara mbili ni 72. Saa muda ule inasema 74.

Tofauti ya mbili haina neno. Mi naruhusu mpaka tano hivi mtu akiwa ametulia. Ikizidi hapo rudi hatua ya 2, mara nyingi ni mkanda. Usipime mara moja tu ukaridhika, linganisha asubuhi na jioni, siku tofauti.

Sharti moja: kuzidisha mara mbili ni kwa mapigo yanayokwenda sawa, tu, tu, tu. Yakiwa yanaruka au yanakimbia afu yanasita, hesabu dakika nzima.

Hatua ya 5: Mwonyeshe saa ikidanganya

Nilikunja kitenge nikakifunga saa juu yake, nikaiweka mezani, nikawasha kipimo. Baada ya muda ikaandika 71. Babu akacheka mpaka akavua miwani. "Kumbe kitenge nacho kina moyo, tena mzima kuliko wangu."

Saa nyingi za bei rahisi zinafanya hivyo. Zinatafuta mwanga unaopanda na kushuka, zikipata chochote kinachofanana na mdundo zinatoa namba. Sio kwamba saa ni mbovu, ila mzee ajue kuwa namba kuonekana sio ushahidi kwamba imepima moyo.

Uongo wa pili ni wa mkono unaorudia rudia. Siku babu anapura mtama kwa fimbo saa ilisema 142, akaniita ameshtuka. Nikashika mkono wake wa pili palepale nikahesabu 98. Saa ilikuwa imekamata mdundo wa fimbo. Kutwanga, kulima, kuendesha baiskeli kwenye njia mbovu, yote yanaweza kuleta hivyo. Kwa hiyo sheria ya babu ikawa hivi: namba ya mkono unaofanya kazi haihesabiki.

Hatua ya 6: Tenganisha mapigo na presha

Hapa nilikuwa mkali kidogo. Saa ya babu ina ukurasa unaoandika presha, na kila ukiiwasha inatoa 121/79 au hapo hapo karibu. Babu ana presha tangu zamani na anameza dawa. Aliona 121/79, akaanza kusema dawa atapumzika.

Nikampeleka zahanati, kile kipimo cha kufunga mkono kikatoa 158/92. Nikamwonyesha zote mbili kwa pamoja. Hizi saa za bei rahisi hazina kitu cha kuubana mshipa, zinakisia tu kutokana na ule mwanga wa kijani. Mapigo zinajitahidi. Presha usiziamini, na dawa isipunguzwe wala kuachwa kwa ajili ya saa. Ukurasa ule nikauondoa kwenye mpangilio kabisa.

Na mapigo mazuri hayasemi presha ni nzuri. Mtu anaweza kuwa na mapigo 72 na presha ya kumwangusha.

Hatua ya 7: Daftari, na namba za kushtuka

Babu anaandika asubuhi kabla ya chai: tarehe, namba, na neno moja la hali yake. "Nzima", "kizunguzungu", "sikulala". Neno hilo moja daktari atalitaka kuliko wewe unavyodhani.

Mtu mzima aliyetulia kawaida ni kati ya 60 na 100. Ila wanaotumia dawa za presha au moyo za aina ya atenololi, bisoprololi au propranololi wanaweza kuwa chini ya 60 na ikawa ni dawa inafanya kazi yake, kwa hiyo muulize aliyemwandikia dawa namba ya kwake iwe ngapi. Homa inapandisha, kukosa maji kunapandisha, upungufu wa damu unapandisha.

Usingoje kesho, mpeleke hospitali: maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, kuzimia, kuchanganyikiwa ghafla, haijalishi saa inasema nini. Hata ikisema 72. Pia akiwa ametulia kabisa na umehakikisha kwa vidole, mapigo yakabaki juu ya 120, au yakiwa chini ya 50 pamoja na kizunguzungu au kuishiwa nguvu. Na mapigo yasiyo na mpangilio hata kama namba ni nzuri, yaende yakapimwe, na hapa nikupe mfano kamili.

Babu alipojua tu akawa mwalimu. Mzee mwenzake, jirani, akapita na salamu yake ya "mbukwenyi" ya kila siku, babu akamvulia saa akamfunga. Nikiwa pale pale. Saa ikasema 62. Mara 91. Mara 55. Babu akasema imeharibika. Tukaangalia mkanda, sawa. Mkono wa joto, umekaa. Nikamwambia babu ashike kwa vidole. Akashika muda mrefu, akanitazama, akasema, "Huyu anatembea kama aliyekunywa. Anaenda mbili, anasimama, anakimbia."

Nikahesabu dakika nzima, nikapata 82, na mengine yalikuwa mepesi mno nisingeapa. Nikachukua kile kipimo cha kusikilizia kifuani, dakika nzima tena, nikapata 96. Yaani kuna mapigo moyo unapiga lakini hayafiki mkononi yakiwa na nguvu, kwa hiyo vidole vinayakosa na saa inayakosa. Namba yoyote ya saa ungeichukua hapo ilikuwa ndani ya kawaida au karibu nayo, ungemwambia mzee uko sawa. Alichokuwa anasema ni kwamba siku hizi anachoka kufika kisimani.

Mi ni mwanafunzi, sikumwambia ana ugonjwa gani. Mapigo kuruka mara moja moja ni jambo la watu wengi na wengi hawana tatizo. Ila yasiyo na mpangilio kabisa, kwa mzee, yanatakiwa yapimwe umeme wa moyo, kwa sababu kuna aina ambayo damu inatuama na kuganda ndani ya moyo, kipande kikitoka kikaenda kichwani ni kiharusi. Niliandika kwenye karatasi zile namba tatu za saa, 82 ya mkononi, 96 ya kifuani, saa ngapi, na kwamba anachoka. Mwanae akampeleka hospitali siku ya pili na karatasi, akapimwa, ndo ikawa aina hiyo hiyo, akaanzishiwa dawa.

Ikigoma

*Inaandika vistari `--` tu.* Imelegea, au chafu, au mkono una baridi. Julai asubuhi huku Dodoma upepo unakata, mishipa ya mikono ya wazee inajibana na damu inapita kidogo. Asugue viganja, aingize mikono ndani ya blanketi dakika kadhaa, ajaribu tena. Ngozi nyeusi sana na mkono wenye nywele nyingi au chale vinameza mwanga zaidi, jaribu mkono wa pili au isogeze juu kidogo.

*Namba ni nusu au mara mbili ya vidole.* Mfano vidole 76, saa 38. Saa imeruka pigo moja moja au imehesabu moja kama mawili. Vua, futa, vaa upya, subiri dakika nzima. Ikirudia na mapigo kwa vidole yanakwenda sawa, ni saa. Yasipokwenda sawa, soma tena habari ya jirani.

*Kitaa cha kijani hakiwaki.* Betri imeshuka, nyingine zinazima kipimo chaji ikiwa ndogo. Au kipimo kimezimwa kwenye mpangilio, mzee akitelezesha telezesha anazimaga bila kujua.

*Mzee anaangalia kila dakika na kupata wasiwasi.* Hili lipo sana na wasiwasi wenyewe unapandisha namba. Zima kipimo cha muda wote, abaki na kile cha kubonyeza mwenyewe, asubuhi mara moja. Babu nilimzimia siku ya tatu, na chaji nayo ikaanza kukaa.

*Ngozi inawasha chini ya saa.* Ni jasho na sabuni inayobaki. Avue usiku, aoshe mkanda kwa maji matupu, akaushe, kesho avae mkono wa pili. Ikitoka malengelenge aiache mpaka pakauke.